Usimuulize Amesikia Nini

Rafiki yako akishajua kwamba umemsengenya, msamaha unaharibika pale unapoanza kwa kumuuliza, "Kwani umeambiwa nini?" Analielewa swali hilo: unapima ukiri kiasi gani, ilhali maneno yaliyotoka saluni ya Mbagala yamemfikia Tandale yakiwa na jina lako.

Mfuate kwake, mkiwa wawili, si kwa ujumbe wa sauti wala barazani mbele ya wapangaji wenzake, umtajie mwenyewe ulichosema na uliowaambia: "Shoga yangu, nilisema saluni kwamba mumeo hajalipa kodi ya miezi mitatu. Halikuwa jambo langu la kutangaza. Nisamehe." Usitafute nani kampelekea, na usiseme wameongeza chumvi, hata kama wameongeza kweli, mpaka yeye akuulize.

Wanazuoni wa Kiislamu hutofautiana kuhusu aliyesengenywa bila kujua. Baadhi huona ni bora kumwombea dua na kumtaja kwa wema kuliko kumtia uchungu mpya. Huyu wako ameshajua, na uchungu anao tayari, kwa hiyo kimya chako hakimkingi na chochote. Ukitoka kwake, rudi saluni kwa wale wale waliokusikia, uwaambie kwamba hukupaswa kulisema lile. Naye akikusamehe leo, huenda akakaa miezi bila kukupa siri nyingine, usimdai.