Zamu ya Kumjulia Hali Mgonjwa

Katika mtaa wa Majengo mjini Meru, kama ilivyo katika Majengo ya Embu, Waislamu na Wakristo hukaa ukuta kwa ukuta na kuchanga katika vyama vilevile, na kwa wote kumjulia hali mgonjwa ni wajibu: Muislamu huuhesabu miongoni mwa haki alizo nazo mwenzake juu yake, na Mkristo huukuta katika Injili ya Mathayo. Wajibu huo ukitekelezwa na watu ishirini kwa siku moja, hata hivyo, humchosha yuleyule aliyekusudiwa kufarijiwa. Ndiyo maana chama chenye busara hutuma ujumbe wa zamu, yaani tangazo fupi linalotaja nani atakwenda hospitalini, siku gani na kwa muda gani, kabla mwanachama yeyote hajapanda bodaboda.

Kosa la kwanza hutokea kabla ujumbe haujaandikwa, pale katibu anapopanga siku bila kuuliza. Mwenye kauli ni msemaji wa familia, yaani ndugu mmoja, ambaye mara nyingi si yule anayelala hospitalini, aliyekubaliwa na wenzake kupokea simu zote za nje. Huyo huulizwa mambo matatu: iwapo mgonjwa mwenyewe anataka wageni, wodi inaruhusu saa zipi, na ni saa ipi kati ya hizo familia ingependa ibaki yake. Hospitali nyingi za umma hufungua wodi adhuhuri na tena jioni, na chama kikichukua nafasi zote mbili, mume au binti aliyetoka kazini hukuta kitanda kimezungukwa na wageni, naye akaona haya kuwaondoa.

Tuseme chama kina wanachama ishirini mbali na mwenzao aliyefanyiwa upasuaji siku ya Ijumaa. Bila mpango, wengi wao watafika Jumapili, siku ambayo hawako kazini, na Jumatano hataonekana hata mmoja. Wakienda wawili wawili kila siku, itachukua siku kumi kuwamaliza, ilhali mgonjwa huenda akaruhusiwa mapema zaidi. Kwa hiyo katibu mwangalifu hapangi wote: hupanga siku nne tu, watu wanane, na kuwaeleza waliosalia kwamba zamu yao itakuwa nyumbani. Ujumbe wake unaweza kusomeka hivi:

"Ndugu wanachama, mwenzetu amelazwa, na familia imeridhia tumwone kuanzia Jumapili, saa saba mchana pekee. Jumapili: mwenyekiti na mweka hazina. Jumatatu: wawili wa soko la nguo. Jumanne: majirani zake wawili. Jumatano: wawili wa kamati ya akina mama. Tafadhali tusizidi dakika kumi na tano. Chakula kisipelekwe bila msemaji wa familia kuridhia. Mchango utumwe kwa mweka hazina. Asiyeweza kwenda anijulishe jioni ya kabla. Wengine mtapangiwa akisharudi nyumbani."

Ugonjwa haukutajwa, na hilo ni la makusudi, kwa kuwa ujumbe wa simu husambazwa hadi kwa wasiohusika, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nchini Kenya imeziweka habari za afya miongoni mwa data nyeti, yaani zile zinazohitaji uangalifu wa ziada. Hata jina la wodi, ambalo huweza kufichua maradhi, huelezwa wawili wa siku hiyo peke yao. Chakula nacho kimezuiwa kwa sababu nzito: mtu aliyetoka kupasuliwa tumbo huenda bado haruhusiwi kula, na uji uliopikwa kwa mapenzi waweza kumdhuru.

Baada ya kila zamu, mmoja wa wawili hao huandikia kundi mistari miwili, kwamba wamefika na mgonjwa amewashukuru, ili watu kumi na wanane wasimpigie mke wa mgonjwa kuuliza swali lilelile. Huu ndio mzigo usioonekana kwa urahisi, maana ugeni wa simu hauna saa za kufunga. Dalili za kuelemewa hujulikana: msemaji anaanza kujibu kwa neno moja, au anayemuuguza hutoka wodini wageni wanapoingia na harudi mpaka waondoke. Katibu akiona hivyo hupunguza zamu bila kungoja kuombwa, kwani adabu ya wenyeji wa Majengo haimruhusu mtu kumwambia mgeni kwamba amechoka naye.

Mgonjwa akihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, ambako kwa kawaida huingia jamaa wa karibu tu, zamu husimamishwa kwa ujumbe mmoja, na waliokuwa wamepangwa huuliza kama kuna watoto wa kupelekwa shule au duka la kufunguliwa. Akirudi nyumbani, wale kumi na wawili waliosalia hupangwa kwa muda wa wiki mbili au tatu, kwa sababu mikono huhitajika zaidi wakati huo, wakati kidonda kingali kibichi na ndugu waliotoka mbali wamekwisha kurejea makwao.