Deni Kwanza, Ndipo Ahsante

Somo: Kumbukumbu la Torati 15:12–15 na 24:14–15

Wapendwa, Desemba imefika. Wiki hizi mbili, kuanzia Kileleshwa na Lavington hadi Kangemi na Uthiru, bahasha nyingi zitapita kutoka mkono hadi mkono. Dada wa kazi anaenda ushago, dereva anaomba ruhusa mapema, na keateka wa ploti anangoja kuona kama mwaka huu atakumbukwa. Wengi wetu tutatoa kitu, na wengine tutaandika kikaratasi cha kushukuru. Swali la leo ni hili: je, kile ulichoweka ndani ya bahasha ni zawadi kweli?

Tuchukue mfano mmoja wa kuwaza tu. Mama mmoja, tumwite Mama Faith, amefanya kazi kwa familia moja Kileleshwa kwa miaka miwili. Analala hapo hapo. Mshahara wake ni Sh18,000 kwa mwezi, kwa hiyo yuko juu ya kiwango cha chini kilichowekwa na agizo la mishahara la Novemba 2024, ambacho kwa mfanyakazi wa nyumbani Nairobi kilikuwa kama Sh16,114. Tarehe 20 Desemba anapewa mshahara wake pamoja na Sh5,000, na kikaratasi kimeandikwa, "Ahsante kwa yote, Mungu akubariki." Anafurahi. Anapanda basi pale Kangemi, nauli imepanda kama kawaida ya Krismasi, na anaenda kuwaona watoto wake.

Januari anarudi. Mwisho wa mwezi mshahara unakuja ukiwa umepungua. Anauliza, anaambiwa, "Si ulikuwa nyumbani siku kumi na mbili?" Sasa piga hesabu. Elfu kumi na nane ukigawa kwa siku thelathini ni Sh600 kwa siku. Mara kumi na mbili ni Sh7,200. Mama Faith alipewa elfu tano kwa mkono wa kulia, akanyang'anywa elfu saba na mia mbili kwa mkono wa kushoto. Ile zawadi ilitoka mfukoni mwake mwenyewe, na mwajiri akabaki na Sh2,200 juu.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mfanyakazi akishamaliza miezi kumi na miwili anastahili likizo isiyopungua siku 21 za kazi, na mshahara wote ukiendelea. Sheria hiyo haimwachi nje mfanyakazi wa nyumbani. Kwa hiyo zile siku kumi na mbili zilikuwa zake tayari. Hazikuwa ruhusa ya huruma. Vivyo hivyo siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na michango ya NSSF. Hayo ni madeni.

Ndiyo sababu tumesoma sehemu mbili za kitabu kimoja. Ile sura ya 24 inazungumza juu ya ujira. Mfanyakazi maskini, awe ndugu au mgeni, alipwe siku hiyo hiyo kabla jua halijatua, kwa kuwa moyo wake umeungojea ujira huo. Hapo hakuna ahsante. Ni deni, na lina saa yake. Ile sura ya 15 inazungumza juu ya kitu kingine. Mtumishi akishatumika miaka sita, mwaka wa saba anaachwa huru, na bwana wake anaagizwa asimwache aende mikono mitupu. Ampe katika kundi lake, katika nafaka yake na katika divai yake. Hiyo sasa ni juu ya deni.

Lakini angalia vizuri, mpendwa. Zawadi ya sura ya 15 anapewa nani? Anapewa mtu anayeondoka. Hatarudi Januari. Bwana wake hatafaidika tena na mikono yake hata siku moja. Hapo ndipo zawadi inapojulikana kuwa zawadi, kwa sababu haivui kitu.

Wacha tuwe wakweli. Wengi wetu Nairobi tunaogopa kwamba dada akienda ushago harudi. Shule zinafunguliwa, kazi inaanza, na nyumba haina mtu. Kwa hivyo mwajiri anashika nusu ya mshahara wa Desemba, au anasema, "Bonasi yako utaipata ukirudi." Hofu hiyo naielewa. Lakini pesa ya namna hiyo ni chambo, na ule mshahara ulioshikwa ni ule ujira ambao jua limeutulia.

Kama unataka arudi, muulize waziwazi. Kubalianeni tarehe ya kurudi. Kama unaweza kuongeza mshahara Januari, mwambie sasa, iwe ahadi ya mshahara na isichanganywe na shukrani. Na kama anataka kuacha kazi, anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28, na wewe vilevile unatakiwa kumpa. Hayo ni mazungumzo ya kazi. Yafanyike mezani, yasifichwe ndani ya bahasha ya Krismasi.

Basi turudi kwa Mama Faith, tufanye inavyofaa. Mshahara wa Desemba unatumwa wote, peke yake. Bonasi inatumwa kwa M-Pesa mara ya pili, pamoja na ya kutolea, ili aone kwa macho kipi ni haki yake na kipi ni ahsante. Halafu barua, kwa mkono, kwa Kiswahili chepesi:

"Mama Faith, mwaka unaisha na tunataka kukushukuru. Mwezi wa nne mtoto alipolazwa siku nne, wewe ndiwe uliyebaki na wale wawili, na hakuna aliyekosa shule. Tuliweza kukaa hospitalini kwa sababu tulijua nyumbani kuna mtu. Mshahara wako tumeutuma kando, na siku zako za likizo zimelipwa. Hii elfu tano ni ahsante yetu, itumie upendavyo. Safari njema, utusalimie nyumbani. Baba na Mama Neema."

Ona kilichomo. Anaitwa kwa jina la heshima, kwa kuwa mama wa watoto watatu si "msichana wa kazi". Kazi yake imetajwa, kwa mwezi wake na kwa matokeo yake. "Ahsante kwa yote" ingeweza kuandikiwa mtu yeyote. Hii ni yake peke yake, na anaweza kuwasomea watoto wake.

Ona pia kisichokuwamo. Hakuna "lakini mwaka ujao punguza simu." Hakuna "ukirudi." Na hakuna "wewe ni kama familia yetu." Neno hilo ni tamu, lakini mara nyingi ndilo linalotumiwa mtu anapoambiwa asilale mapema au asidai siku yake ya mapumziko, kwa maana nani hulipwa kwa kusaidia nyumbani kwao? Yeye ana familia yake, na ndiyo anayoiendea.

Mpe barua hiyo mkiwa wawili, si mbele ya wageni. Kama kusoma kunamsumbua, msomee polepole.

Na kama pesa ya bonasi haipo mwaka huu, lipa deni lote, kisha andika barua. Itasimama bila bonasi. Lakini bonasi yoyote, hata iwe kubwa namna gani, haiwezi kusimama mahali pa deni.

Wiki hii, kabla ya kununua bahasha, chukua kalamu uhesabu siku zake za likizo.