Bapa Lililoteleza

Fundi seremala aliyenipigia simu alikuwa mtu mzima kuliko baba yangu, na hakuwa na kawaida ya kulalamika. "Mwanangu," aliniambia, "zile boriti zimeinama. Njoo uone mwenyewe, nisije nikakusimulia vibaya."

Ilikuwa dari ya ghala la mahindi huko Mafinga. Kila boriti ilikuwa ya paina, upana milimita 150 na kimo 250, ikivuka mita 4 kutoka nguzo hadi nguzo. Chini yake tulikuwa tumefunga bapa la chuma lenye upana wa milimita 75 na unene wa 10. Magunia yakijaa, kila boriti hubeba tani 4 pamoja na sakafu, na katikati yake inapata momenti ya kupinda ya kilonyutoni-mita 20. Hesabu nilikuwa nimeifanya mimi.

Nilipofika, Mzee alikuwa amekwisha kuvuta uzi chini ya boriti moja, toka nguzo hadi nguzo. Tulipima katikati: milimita 15. Daftari langu lilisema 9. Kisha akaniita kwenye ncha ya bapa, akamulika tochi. Siku ya kupaka rangi ya kuzuia kutu, brashi ilikuwa imepitiliza kutoka kwenye chuma hadi kwenye mbao, ikaacha ukingo mmoja ulionyooka. Sasa ukingo ule ulikuwa umekatika. Sehemu ya mbao ilikuwa imesogea milimita moja na ushee kuelekea nguzo, na ile ya chuma imebaki nyuma. Nilifungua skrubu iliyo karibu nikaona tundu lake kwenye mbao limekuwa na umbo la yai.

Mbao na chuma zilikuwa zimeachana, kila kimoja kikipinda kivyake.

Usiku ule nilifungua daftari. Njia niliyotumia ni ya kugeuza mkato, nayo ni njia nzuri. Chuma kikigandamana na mbao bila kuteleza, vyote viwili hurefuka sawasawa pale vinapogusana. Lakini chuma ni kigumu zaidi kurefuka. Moduli yake ni nyutoni 200,000 kwa milimita mraba, na kwa paina ile tulichukua 10,000, kwa hiyo uwiano ni 20. Basi unaliondoa bapa katika hesabu na kuweka mahali pake mbao ya kufikirika yenye unene uleule wa milimita 10, ila upana umezidishwa mara 20, kutoka 75 hadi 1,500. Unene hauguswi, kwa sababu mkazo unategemea umbali wa kwenda juu au chini, na umbali huo haujabadilika.

Sasa una mkato wa mbao tupu. Mstari usiovutwa wala kubanwa unaangukia milimita 97.9 kutoka chini kabisa, na momenti ya pili ya eneo ni milimita milioni 376.5 za nguvu ya nne. Zidisha momenti ya kupinda kwa umbali kutoka mstari ule, gawa kwa momenti ya pili, umepata mkazo. Juu ya boriti mbao inabanwa kwa nyutoni 8.6 kwa kila milimita mraba. Chini, pale inapokutana na bapa, inavutwa kwa 4.7. Tulikuwa tumejiwekea kikomo cha 9, na mbao peke yake bila bapa ingefika 12.8. Hadi hapo nilikuwa sawa.

Kosa lilikuwa mstari uliofuata. Kwenye uso wa chini wa bapa nilipata 5.2, nikaandika: "mkazo wa chuma, 5.2." Hiyo 5.2 ni ya mbao ya kufikirika. Ili kukirudisha chuma mahali pake ilinipasa nizidishe kwa 20 ileile niliyopanulia upana. Mkazo wa kweli ni 104.

Bapa lenyewe halikudhurika, kwa kuwa chuma cha kawaida hustahimili 104 bila shida. Madhara yalipitia kwenye skrubu. Kwa wastani nilioukosea, bapa lote lilionekana kuvutwa kwa kilonyutoni 3.7 tu. Skrubu moja ya milimita 12, ile inayokazwa kwa spana, tuliihesabia kilonyutoni 3. Nikaona mbili zinatosha kati ya ncha na katikati, nikaweka tano kwa tahadhari. Nguvu ya kweli ilikuwa kilonyutoni 74. Mzee aliwahi kuniuliza siku tunafunga, "Hizi si chache, mwanangu?" Nikamwonyesha namba, naye akaziheshimu namba kuliko macho yake. Jambo hilo linaniuma mpaka leo kuliko kosa lenyewe.

Ningeweza kujikamata kwa dakika tano, na ndiyo maana naandika haya. Katika boriti inayopinda tu, jumla ya nguvu zinazobana lazima ilingane na jumla ya zinazovuta. Sehemu ya juu ya mbao ilibanwa kwa kilonyutoni 105. Upande wa chini, mbao ilivutwa kwa 31. Ongeza 3.7 zangu: karibu 35. Mizani imelala upande mmoja kabisa. Weka 74 mahali pake, na 31 na 74 ni 105. Kuna dalili nyingine isiyohitaji hata kalamu: chuma kilichobanana na mbao yenye mkazo wa 4.7 hakiwezi kuwa na mkazo wa 5.2, maana vikirefuka sawa, chuma lazima kiwe na mara 20.

Tulishusha magunia yote, tukainua kila boriti kwa jeki mpaka uzi ukagusa, kisha tukaanza kutoboa. Kilonyutoni 74 zilitaka skrubu 25 kwa kila nusu ya boriti, lakini hatukuishia hapo. Mbao iliyobebeshwa mzigo miezi mingi hulegea polepole, chuma hakilegei. Tukichukulia moduli ya paina imeshuka nusu, uwiano unakuwa 40. Rudia hesabu na utaona mbao inapumzika kidogo, juu inashuka hadi 7.7, lakini chuma kinapanda hadi 129 na nguvu ya bapa inafika kilonyutoni 91. Kwa hiyo tulipiga skrubu 32 kila nusu. Hatukuzitawanya sawasawa pia, kwa sababu msukumo wa kuteleza ni mkubwa kwenye nguzo na karibu hakuna katikati. Karibu na nguzo zilifuatana kila milimita 33, katika mistari miwili yenye kupishana ili mbao isipasuke, zikaachana kadiri tulivyosogea katikati.

Boriti mbili zilikuwa na nyufa zilizoanzia kwenye vifundo vya upande wa chini. Hizo tulizibadilisha.

Mzee ndiye aliyepaka rangi safari hii. Kwenye kila ncha ya bapa alichora kwa wembe mstari mwembamba unaokata chuma na mbao pamoja. Magunia yaliporudi tulivuta uzi tena, tukapata milimita 10. Kila nikipita Mafinga naingia ghalani na tochi, nachuchumaa chini ya ncha zile, na kuangalia kama mstari bado ni mmoja.