Kusamehewa Mtihani: Je, Alama Uliyopewa ni Yako?

Sisi tuliosoma vyuo vya hapa Tanzania tunaujua mtihani wa mwisho kama kitu kisichokwepeka. Alama za muhula, ile kosiweki yetu, kwa kawaida ni 40, na mtihani wa mwisho ni 60. Katika baadhi ya vyuo usipofikisha 16 kati ya zile 40, huruhusiwi hata kuingia chumba cha mtihani. Na ukiwa umevuna 38 kati ya 40, bado utaingia. Usipotokea bila sababu ya maana, zile 38 hazikuokoi.

Kwa hiyo huku kwetu kosiweki ni mlango wa kuingilia mtihani. Kuna sehemu nyingine za dunia ambako ni mlango wa kutokea. Mwalimu anatangaza mwanzoni mwa muhula kwamba atakayefikisha wastani fulani, mara nyingi 90, amesamehewa mtihani wa mwisho, na alama ya kosiweki ndiyo itakayokuwa alama yake ya kozi. Akitaka kuufanya aufanye, ila ajue kwamba utahesabiwa. Utaratibu huu uko katika shule nyingi za sekondari za Marekani, na katika baadhi ya kozi za vyuo vya huko.

Mpwa wangu, kijana wa Isongole hapa Ileje, amekutana nao kwenye kozi ya takwimu akiwa chuoni Marekani. Alinitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba. Nina 91. Mwalimu anasema mtihani ni hiari. Mama anasema nifanye. Wewe unasemaje?" Nilidhani ni swali la dakika tano. Limenikalisha wiki nzima.

Tuanze na hesabu, kwa sababu kijana mwenyewe alianza nayo. Asipofanya mtihani, alama yake ni 91, na kwao A inaanzia 90. Akifanya, kosiweki inachukua asilimia 70 na mtihani asilimia 30. Asilimia 70 ya 91 ni 63.7. Ili abaki na A anahitaji 26.3 kati ya zile 30 zilizobaki, yaani apate karibu 88 kwenye mtihani wenyewe. Akipata 100 atakuwa na A, ileile aliyonayo sasa. Akipata 80 anashuka hadi 87.7, na hiyo ni B. Huu ni mchezo ambao ukishinda huongezewi kitu, na ukishindwa unanyang'anywa. Kwa hesabu tupu, hakuna mwenye akili timamu atakayekaa kwenye kile kiti.

Lakini nilimwomba anivunjie ile 91, anioneshe imetoka wapi. Hapo ndipo mambo yalipoanza kunoga. Kosiweki yake ina sehemu tatu. Testi za darasani ni asilimia 60, na wastani wake humo ni 85. Mazoezi ya kila wiki ni asilimia 25, nayo yanafanyika kwenye kompyuta, ukikosea unarudia mpaka upate. Humo ana 100. Kazi ya kikundi ni asilimia 15, walikuwa wanne, nao walipata 100. Jumlisha: 51, na 25, na 15. Ni 91 kweli, hakuna mchezo mchafu. Ila ni testi tu zilizompima akiwa peke yake, saa inakwenda, hana wa kumwuliza. Na huko ana 85.

Sasa chukua ile 85 uiweke kwenye mtihani wa mwisho, maana ndiyo makadirio ya haki tuliyonayo. Asilimia 30 ya 85 ni 25.5. Ongeza 63.7, unapata 89.2. Anaikosa A kwa pungufu ya alama moja.

Msomaji wangu, hilo ndilo swali lenyewe. Msamaha huu haumpunguzii kazi tu. Unamkinga na kipimo ambacho, kwa ushahidi wa alama zake mwenyewe, kingeelekea kumwondolea A. Je, A ya namna hiyo ni yake?

Dada yangu, mama wa kijana, ana jibu fupi. Anasema aliyeiva haogopi kuonjwa. Kwake yeye kukimbia mtihani na kusamehewa mtihani ni kitu kimoja kilichovaa nguo mbili. Sitaki kumbeza, maana ana hoja. Mtihani wa mwisho una kitu ambacho testi ndogondogo hazina: unakuuliza kozi nzima kwa siku moja. Testi ya wiki ya nne inapima ulichokisoma wiki ya tatu. Mwanafunzi anaweza kufaulu testi zote kwa kubeba kila sura kichwani siku tatu, kisha akaitua. Kinachobaki mwishoni hakijapimwa na mtu.

Ila dada anachanganya mambo mawili. Anadhani asiyefanya mtihani amemdanganya mtu. Amemdanganya nani? Kanuni ilitangazwa siku ya kwanza, kwa wote. Mwalimu ndiye aliyepanga kwamba mazoezi ya kurudia yana uzito na kazi ya kikundi ina uzito. Atakayeisoma ile A anasoma kilichoahidiwa: kwamba huyu alitimiza masharti ya kozi. Hakuna uongo hapo. Na kama kuna kasoro, ni ya kipimo.

Sisi watu wa mpakani tuna mfano mzuri wa jambo hili. Nenda Tunduma uyaangalie malori ya mzigo unaopita kwenda Zambia na Kongo. Lori lililofungwa lakiri ya forodha kwa kawaida halifunguliwi kila linapofika. Ofisa anaangalia kama lakiri ni nzima, namba inalingana na karatasi, basi linaendelea. Hilo si upendeleo kwa dereva. Ni imani juu ya ukaguzi uliofanyika kule mzigo ulikopakiwa. Lakiri haisemi lolote juu ya mzigo wenyewe. Inasema tu kwamba kuna mtu aliuangalia kabla ya kufunga. Kama huyo mtu aliangalia mlangoni tu, lakiri itafika salama na mzigo utakuwa vilevile ulivyopakiwa.

Kusamehewa mtihani ni lakiri. Thamani yake yote iko kwenye ukaguzi wa nyuma. Kosiweki ya testi sita ngumu zilizofanywa darasani ni ukaguzi wa kweli, na aliyepata 91 humo sioni kwa nini apimwe tena. Kosiweki iliyojazwa na mazoezi ya kurudiarudia na kikundi ambacho wawili walifanya kazi na wawili waliandika majina, hiyo ni lakiri kwenye kontena ambalo hakuna aliyechungulia ndani. Namba ni ileile 91. Kilichomo si kilekile.

Na tusidhani kwamba sisi hatujawahi kubishana juu ya hili. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma, na moja ya mambo yaliyolalamikiwa katika Azimio la Musoma ni jinsi mtihani mmoja wa karatasi ulivyokuwa unaamua hatima ya mtu. Baada ya hapo maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku, pamoja na kazi na mwenendo wake, yakaanza kupewa uzito katika matokeo yake. Nia ilikuwa njema: mtu wa miaka minne asihukumiwe kwa saa tatu. Lakini ukishahamisha uzito kwenda kwa mwalimu wa darasani, umehamisha pia vishawishi. Mwenye 89 atabisha hodi ofisini kuomba moja. Mwalimu asiyetaka maneno atatoa. Ndiyo maana mstari wa 90 ni hatari kuliko unavyoonekana: karibu na mstari huo, tofauti kati ya anayesamehewa na anayefanya mtihani inaweza kuwa ni nani ana ujasiri wa kuomba.

Sasa, nilimwambia nini kijana? Nilimwambia atenganishe maswali mawili ambayo mama yake ameyafunga pamoja. La kwanza: nifanye mtihani? La pili: najua takwimu? Mtihani utajibu la pili, lakini utatoza ada, na ada yenyewe ni A. Na jibu hilo linapatikana bure. Nilimwambia achukue mtihani wa mwaka uliopita, ajifungie saa mbili, simu iwe mbali, bila daftari, kisha asahihishe kwa wino mwekundu kama anamsahihishia mtu asiyempenda.

Alifanya. Akapata 74. Maswali ya kukokotoa wastani na mtawanyiko aliyamaliza vizuri. Alianguka kwenye uwezekano wenye masharti, pale unapoulizwa uwezekano wa mtu kuwa mgonjwa ikiwa kipimo kimesema anaumwa. Alijibu uwezekano wa kipimo kusema anaumwa ikiwa mtu ni mgonjwa. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na kwenye kompyuta alikuwa akipata kwa kujaribu mara ya pili, maana majibu yalikuwa mawili tu yanayowezekana. Kosa la aina hii linafichwa na mazoezi ya kurudia: mwanafunzi anajifunza kwamba jibu lake la kwanza si sahihi, bila kujua kwa nini.

Kuna atakayesema kujipima chumbani si sawa na mtihani, kwa sababu hakuna kinachopotea, na bila hofu mtu halazimiki kusoma. Ni kweli kwa wengi. Kama unajijua kwamba bila kiboko hufungui kitabu, na muhula ujao kuna kozi ya pili inayosimama juu ya hii, basi pengine B yenye maarifa ni bora kuliko A yenye shimo. Hapo ningeungana na dada. Na kama kanuni ya kozi ingesema kwamba mtihani unaweza kupandisha alama tu bila kushusha, nisingekuwa hata na mjadala: nenda kafanye.

Lakini kwa huyu, mwenye mitihani mingine mitatu wiki hiyohiyo, na kanuni inayoweza kushusha, niliona msamaha auchukue. Akauchukua. Siku nne alizookoa, mbili alizipeleka kwenye mitihani mingine na mbili kwenye zile sura zilizomwangusha. Mama yake bado hajaridhika, na kila tukikutana ananiuliza kama nina hakika. Namjibu kwamba mwanawe alionjwa, ila aliyemwonja ni yeye mwenyewe. Ananiambia mpishi kuonja chungu chake mwenyewe si ushahidi. Hapo, nakiri, sijapata jibu la kumtosha.