Bei ya Kutojua: Ada za Opsheni Kabla ya Kampuni Kutangaza Hesabu

Ndugu zetu wanaosoma uchumi wana hoja moja ambayo sisi wa masomo ya Kiislamu tunapaswa kuijibu kwa elimu. Wanasema: gharari imekatazwa kwa sababu mtu anauziwa asichokijua. Lakini katika soko la opsheni kutojua kwenyewe kumepimwa, kumeandikwa bei, na kila mtu anaiona. Kitu kikishapimwa na kutangazwa, hadaa iko wapi?

Hoja hii ina nguvu zaidi katika siku chache kabla kampuni haijatangaza hesabu zake za robo mwaka, kwani hapo ndipo bei ya kutojua inapoonekana waziwazi. Basi tuianzie hapo.

Opsheni ya kununua ni haki ya kununua hisa kwa bei iliyokubaliwa leo, hadi tarehe fulani. Anayeinunua haki hiyo hulipa ada, na ada hairudi. Mambo mengi yanayoamua ada hiyo yanajulikana: bei ya hisa sasa, bei ya mkataba, siku zilizobaki, riba ya soko. Lisilojulikana ni moja tu, yaani hisa itatikisika kiasi gani kabla ya tarehe kufika. Wafanyabiashara huchukua ada inayolipwa sokoni, wakarudi nyuma kwa hesabu, wakauliza: ni mtikisiko wa kiasi gani ungeifanya ada hii iwe sawa? Jibu huitwa mtikisiko unaodokezwa na bei, na huandikwa kwa asilimia za mwaka. Haumwambii mtu hisa itapanda au itashuka. Unamwambia ukubwa wa tikiso tu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hisa ina bei ya dola 100, na siku ya kawaida hutikisika kwa asilimia 2 hivi. Kwa mwaka hiyo ni kama asilimia 32, kwa sababu siku za soko ni kama 252, na mtikisiko hukua kwa kipeuo cha pili cha siku, ambacho ni karibu 16. Siku ya kupokea hesabu, soko linatarajia tikiso la asilimia 8. Leo ni Ijumaa jioni, hesabu zitatoka Jumatatu kabla soko halijafunguliwa, na opsheni inakwisha Ijumaa ijayo. Zimebaki siku 5, na moja kati yake ni ile nzito.

Mitikisiko ya siku mbalimbali haijumlishwi yenyewe; hujumlishwa miraba yake. Siku 4 za kawaida zinatoa 4 mara 4, yaani 16. Siku ya hesabu peke yake inatoa 64. Jumla ni 80, na ukigawa kwa siku 5 unapata 16 kwa siku, yaani mtikisiko wa wastani wa asilimia 4, sawa na asilimia 64 kwa mwaka. Umekuwa maradufu ya ule wa kawaida. Ada ya kununua kwa bei ya dola 100 inakuwa kama dola 3.58, ilhali wiki isiyo na hesabu ingekuwa dola 1.79.

Hapa watu wengi hukosea. Wanaona asilimia inapanda kila siku tarehe inapokaribia, wakadhani hofu inaongezeka. Si lazima. Zikiwa zimebaki siku 20, siku ile nzito imechanganyika na nyepesi 19, na hesabu hiyohiyo inatoa asilimia 42 hivi. Zikibaki 10, inatoa 51. Ikibaki siku ileile moja, 128. Hofu ni moja tangu mwanzo. Kilichopungua ni siku nyepesi zilizokuwa zikiifunika. Hata ada yenyewe ya opsheni ileile haikupanda kwa fedha: kwa siku 20 ilikuwa kama dola 4.73. Imevimba ukiilinganisha na ada ya muda kama huo usio na tangazo.

Sasa Jumatatu imefika. Hesabu ni nzuri, na hisa imefunga kwa dola 102. Aliyenunua opsheni amebashiri sawasawa. Lakini siku nzito imepita, zimebaki 4 za kawaida, na opsheni yake ina thamani ya dola 2.79 hivi. Amepatia upande na bado amepoteza senti 79 katika kila dola 3.58. Hakuna aliyemwibia. Alilipia kutojua, na kutojua kumekwisha.

Nirudi kwenye hoja. Tikiso lile la asilimia 8 ni la namna gani? Mkulima hajui mvua itanyesha lini, na hakuna mwanadamu anayejua. Hesabu za robo mwaka si hivyo. Tarehe 19 Aprili 2022 Netflix ilitangaza kwamba imepoteza wateja 200,000, ilhali yenyewe ilikuwa imetabiri kuongeza milioni 2.5. Siku iliyofuata hisa ilianguka kwa asilimia 35 hivi. Lakini robo ile ilikuwa imekwisha tarehe 31 Machi. Wateja walikwisha kuondoka, na idadi yao ilikuwa ikijulikana ndani ya kampuni. Walionunua na kuuza opsheni katika Aprili ile hawakuwa wakibeba hatari ya biashara inayokuja. Walikuwa wakibadilishana ujinga wao juu ya jambo lililokwisha kutokea. Na wapo wasiokuwa na ujinga huo: Agosti 2021 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya dhamana iliwashitaki wahandisi wa zamani wa kampuni hiyohiyo pamoja na wenzao, kwa madai ya kufanya biashara ya hisa wakitumia idadi ya wateja kabla haijatangazwa, na kupata faida ya zaidi ya dola milioni 3.

Kwa hiyo mfano wake katika fiqhi, kwa maoni yangu, ni mzigo uliofungwa zaidi kuliko samaki aliye majini. Mahanafi wameruhusu kuuza kitu kisichoonekana, lakini wakampa mnunuzi khiyari ya kuona: akifungua mzigo asiridhike, anarudisha. Kuona kunamlinda. Katika ile sehemu ya ada iliyovimba, kuona ndiko kunakoimaliza bidhaa. Bei ya wazi inamwambia mtu ujinga wake unagharimu kiasi gani. Haimpi kitu cha kushika ujinga ukiondoka.

Hata hivyo tusiifanye gharari kuwa sababu pekee. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 7 Jidda, Mei 1992, lilikataza opsheni za masoko kwa hoja nyingine: kinachouzwa si mali, wala manfaa, wala haki ya kifedha inayoweza kulipiwa. Mohammad Hashim Kamali amepinga, akitegemea khiyari ya sharti na arbuni ya Mahanbali. Hoja yake inastahili kusomwa, ila arbuni huhesabiwa ndani ya bei mauzo yakitimia, na ada ya opsheni haihesabiwi kamwe.

Linalobaki gumu ni mtu mwenye hisa zake, anayenunua opsheni ya kuuza wiki ile ili asianguke pamoja na hesabu mbaya. Yeye hachezi na tarehe. Anakimbia madhara, na analipa ada ileile iliyovimba. Azimio la Jidda halikumtofautisha na wengine. Nami sijaona bado jibu linalomtosheleza, zaidi ya lile la zamani: auze sehemu ya hisa kabla ya Jumatatu.