Ndiyo ya Njaa, Ndiyo ya Kimya

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu kwa kukosa karo, jamaa tuliyekaa naye hosteli aliniambia, "Si uuze figo moja tu, bana? Unabaki na nyingine." Tukacheka. Mzaha wa figo Nairobi ni wa kila siku: simu mpya ikitoka, figo, kodi ikipanda, figo. Lakini usiku huo nilijipata nikipiga hesabu. Mwili si ni wangu? Nani wa kunikataza?

Sheria ya Afya ya 2017 inakataza. Hata hivyo mwaka 2025 waandishi wa habari walifichua biashara ya figo iliyopitia Eldoret. Vijana maskini waliahidiwa dola elfu chache, huku wapokeaji, wengine kutoka Ujerumani na Israeli, wakilipa hadi dola 200,000. Mtu akaweza kusema: sawa, tatizo hapo ni dalali. Halalisha biashara, muuzaji alipwe vizuri, kila mtu aamue mwenyewe.

Hoja hiyo ilinivutia mpaka niliposoma kuhusu Chennai, India. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwahoji watu 305 waliokuwa wameuza figo. Karibu wote waliuza ili walipe madeni. Miaka kadhaa baadaye, mapato ya familia zao yalikuwa yameshuka kwa thuluthi moja, na wengi walikuwa bado na madeni. Wengi pia walisema afya yao ilizorota, na mtu anayeishi kwa kubeba mizigo akidhoofika, mshahara nao unadhoofika. Walipoulizwa kama wangemshauri mwenzao auze, karibu wanane kati ya kumi walisema hapana.

Kwa hivyo ile "ndiyo" yao ilikuwa ya kweli, ila ilitolewa na mtu aliyebakiwa na mlango mmoja. Na tukiwa wakweli, kuufunga huo mlango hakumlipii deni. Anayepiga marufuku kisha akaenda zake amemwacha maskini palepale alipomkuta. Kinachonifanya niikatae biashara hii ni mwelekeo wake: figo zinapanda kutoka kwa asiye nacho kwenda kwa aliye nacho. Sijawahi kusikia tajiri aliyeuza yake.

Njia ya pili inachukua kutoka kwa waliokufa. Wales ilianza Desemba 2015: mtu mzima akifa bila kusema hapana, inachukuliwa kuwa amekubali. Uhispania ina sheria kama hiyo tangu 1979, ingawa kule madaktari bado huiuliza familia. Kwa upande wa haki, njia hii inashinda, kwa sababu kila mtu anaweza kutoa, na maiti haina deni la kulipa.

Lakini hebu tuilete Thika Road. Tuseme kijana wa bodaboda amegongwa kichwani. Akifia kando ya barabara, figo zake hazitamfaa mtu. Ili zifae, kwa kawaida inabidi afikishwe wadi ya wagonjwa mahututi, ubongo wake ufe huku mashine ikimpumulia na moyo ukiendelea kupiga, kisha figo zipandikizwe kwa muda wa takriban siku moja. Zinaokoa watu wawili. Watu gani? Wale wanaoweza kumudu upasuaji na dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, dawa za kila siku hadi mwisho wa maisha. Kama mama yake huyo kijana hangeweza kuipata figo hiyo hata angekuwa wa kwanza kwenye foleni, basi figo zimepanda tena, na safari hii bila hata shilingi.

Halafu kuna kimya chenyewe. Kimya ni jibu pale tu mtu alipoulizwa. Kijana ambaye hakuwahi kusikia kuwa kuna sheria hiyo, hajakubali wala hajakataa, hajui tu.

Nikilazimishwa kuchagua, nitachagua kimya kuliko njaa, kwa masharti mawili. La kwanza, kukataa kuwe rahisi kama kutuma pesa kwa simu, na kila mtu aambiwe kwa lugha anayoielewa. La pili, foleni ipangwe kwa ugonjwa wala si kwa mfuko, na dawa zilipiwe na umma. Hadi hayo yatimie, tuendelee kuuliza mtu mmoja mmoja.

Mimi nimeanza nyumbani. Nilimwambia mama kwamba nikifa, wachukue chochote kinachofaa. Alininyamazia, akaendelea kuchambua mchele. Sikuthubutu kukihesabu kimya chake kuwa ndiyo.