Alikataa Hata Kukaa Naye
Neno kwa waliooa na kuolewa wa Masisi na Walikale

Ndugu zangu katika Bwana, ninyi mnaofundisha Nyabiondo na Mweso, mnaotibu wagonjwa Pinga na Kibua, mnaofanya kazi machimboni na katika mashirika, fungueni kitabu cha Mwanzo, sura ya 39. Najua mnakimbilia mwisho wa habari ile, pale Yusufu anapomwachia mke wa Potifa vazi lake na kutoka mbio. Leo simameni kwanza kwenye mstari wa 10. Mwanamke yule alimsemesha siku baada ya siku, naye Yusufu hakukataa kulala naye tu. Alikataa hata kukaa naye.

Yusufu alikuwa mtumwa. Hakuweza kuomba uhamisho wala kuacha kazi. Nyumba nzima ilikuwa chini ya mkono wake, na kila asubuhi ilimbidi aingie humo humo. Kazi hakuiacha, maana haikuachika. Alichokiacha ni kukaa. Basi usiniambie, "Mchungaji, tunafanya kazi pamoja, nitafanyaje?" Yusufu amekwisha kujibu.

Dhambi ninayoihubiri leo haina kitanda. Ndiyo maana inaingia hata kwa watu wa maombi. Mtu anasema, "Sijamgusa," na anasema kweli. Lakini Bwana wetu, katika Mathayo 5, hakuanza na mkono. Alianza na jicho na moyo. Nakuuliza: mkono wako uko safi, je, moyo wako unalala nyumba gani?

Sisi wa nchi hii tunajua jinsi jambo hili linavyoanza. Vita vilifika Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, Masisi-centre na Goma Januari 2025, Walikale-centre Machi 2025. Nyumba ngapi zimekatika vipande! Baba amebaki kwenye kazi, mama yuko Goma na watoto, au mama yuko kwenye kazi na baba amekimbilia Bukavu.

Tuchukue mfano wa muuguzi wa kituo cha afya. Bibi yake na watoto wako mbali. Risasi zilipolia, yeye na muuguzi mwenzake, mwanamke, walificha pamoja maboksi ya dawa, wakalala porini pamoja na wagonjwa. Mwenzake alimgawia muhogo wa mwisho. Je, asimshukuru? Amshukuru! Hofu iliyoshirikiwa inafunga watu kwa kamba ngumu, na kamba hiyo si dhambi.

Lakini tazameni kinachofuata. Zamu inaisha, wagonjwa wamelala, nao wanabaki kuongea. Usiku anaandika, "Umefika salama?" Kesho anaandika tena, na hakuna hatari yoyote. Mshahara unachelewa: bibi hajaambiwa, mwenzake ameambiwa. Anaota ndoto mbaya za vita: bibi hajui, mwenzake anajua. Kisha siku moja inatoka ile sentensi inayofungua mlango: "Wewe unanielewa. Nyumbani hawanielewi." Na bibi akipigiwa simu Jumapili anasikia nini? Watoto wamekula? Pesa ya shule imefika? Haya, yuniti zinakwisha. Bibi anapewa hesabu ya matumizi, mwenzake anapewa moyo! Hapo mpaka umevukwa zamani, na hakuna aliyemshika mwingine hata mkono.

Mpaka uko wapi, basi? Jipime kwa mambo matatu. La kwanza: habari inapokupata, njema au mbaya, nani anakujia akilini kwanza umwambie? La pili: bibi yako au bwana wako akisoma ujumbe wako sasa hivi, utatulia au utaanza kueleza? Ukishafuta ujumbe, usijidanganye. Kidole chako kimeshatoa ushahidi. La tatu: je, unamshtaki mwenzi wako mbele ya mtu asiyemjua na asiyeweza kuwapatanisha? Mzee wa ukoo akisikia malalamiko yako atamwita na mwenzi wako. Rafiki wa kazini atakupa pole tu, na pole hiyo ni tamu, utairudia.

Ukiona umevuka, rudi leo. Usipange mkutano wa kuagana, maana kuagana nako ni kukaa. Mwambie rafiki huyo mchana, mahali watu wanapopita, kwa maneno machache: "Tumezoeana kupita kiasi. Kosa langu nalitubu. Kuanzia leo tuongee ya kazi tu." Kisha lishike neno lako. Ripoti ya mgonjwa, ndiyo. Dawa zilizopungua, ndiyo. Ujumbe wa usiku, hapana. Moto moja kwenda sokoni wawili, hapana. Vita vikirudi, kimbieni pamoja na wagonjwa, mwokoane. Lakini mkifika salama, simu ya kwanza iende nyumbani. Na wewe, kanisa, usimtafute mwanamke wa kumtupia mzigo wote! Moyo wa mwanamume una miguu yake mwenyewe.

Sasa lililo gumu zaidi. Lazima umwambie mwenzi wako, umwambie kabla hajasikia kwa watu. Yakobo 5:16 inataka tuungamiane, na wa kwanza wa kuungamiwa ni yule uliyemwibia. Kama mko mbali, usiandike ujumbe. Mtoto anaweza kuusoma. Chaji simu, weka yuniti za kutosha, uliza kwanza kama yuko peke yake. Kisha sema: "Mama, nina neno gumu. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikimfungulia moyo wangu mwenzangu wa kazi, mambo niliyopaswa kukuambia wewe. Sikulala naye, lakini nilikuficha. Nimemwambia tukomee kazi. Uliza unachotaka."

Sema yote siku hiyo moja. Ukitoa nusu leo na nusu mwezi ujao, atahesabu umemdanganya mara mbili. Usiseme, "Ulikuwa mbali." Hakujipeleka mbali, alikimbia risasi akiwa na watoto wako mgongoni! Usimdai msamaha kabla simu haijakatika. Akinyamaza, subiri. Akirudi na swali lile lile wiki ijayo, jibu tena bila hasira, maana anapima kama jibu litabadilika. Na habari ulizokuwa unampelekea mwingine, za mshahara, za ndoto mbaya, anza kumpelekea yeye, hata kama mwanzoni anajibu kwa ukali.

Kwako, dada au mama ambaye bwana wako hukupiga, nasema tofauti. Kata uhusiano ule mara moja, lakini usiende kuungama peke yako ndani ya nyumba iliyofungwa. Tafuta kwanza mama wa kanisa unayemwamini, mahali salama, na ushauri. Mungu hadai toba ya kukuvunja mifupa.

Nawe uliyeambiwa: una haki ya kulia, ya kuuliza, ya kuomba muda. Usikimbilie kumtangaza kwenye kikundi cha waimbaji. Chagueni wazee wawili mnaowaamini nyote, waketi nanyi.

Ndugu, Yusufu hakungoja vazi lishikwe ndipo aanze kukataa. Alikuwa amekwisha kukataa siku baada ya siku, ndiyo maana siku ile miguu ilijua njia. Wewe unayesoma huku jina la mtu fulani linakugonga kichwani, usimalize juma hili nalo kifuani. Piga simu nyumbani. Mwambie mwenzi wako. Bwana akupe kinywa cha kweli, na mwenzi wako ampe nguvu za kusikia. Amina.